Mama Haiko Kwangu

Sehemu ya tisa

"Mama yako hakufika Fizi."

Maneno hayo ndiyo yaliyomkuta Anastasie mbele ya cherehani yake pale Baraka, Jumanne asubuhi, tulipoachana naye wiki iliyopita. Aliyeyasema ni Suzanne, jirani wa mama yake kule Lubondja, mwanamke aliyekuwa ameingia uani bila hodi, miguu imevimba, kitenge kimejaa vumbi mpaka magotini.

Anastasie alimtazama kama mtu asiyejua lugha.

Tangu jana yake alikuwa amejituliza kwa jambo moja tu. Jumapili risasi zilisikika Lubondja na watu wakakimbia. Jumatatu akina mama wa sokoni walimwambia kwamba watu wa Lubondja wako Fizi. Basi, akasema moyoni, Mama yuko Fizi kwa Wilfried, kaka yangu mkubwa. Anakula, analala. Wilfried akitaka kunipa habari atanipa mwenyewe. Mimi simpigii.

Sasa Suzanne alikuwa anamweleza kwamba amelala siku mbili katika uwanja wa kanisa pale Fizi, pamoja na watu wote walioteremka kutoka Lubondja. Amemtafuta Mama Wabiwa kichwa kwa kichwa. Hakumwona. Nyumba ya Wilfried aliikuta imefungwa. Lori lilipopatikana akawaacha watoto wake pale kanisani na jamaa, akapanda kuja Baraka, akidhani labda mzee amempita njiani.

Anastasie aliuliza ni nani aliyemwona mwisho.

Suzanne alikaa chini kwenye sakafu, ingawa kiti kilikuwapo.

"Ni mimi," alisema. "Goti lilimukatala. Alikaa kwa jiwe, akaniambia, endeni, nitapumuzika kidogo nitawafuata. Mi nilikuwa na batoto tatu, Anastasie. Mumoja mu mugongo. Nilienda."

Hakuna aliyemlaumu. Anastasie alikuwa tayari anatafuta simu yake chini ya vipande vya nguo.

Kwanza ilimbidi afungue namba ya Wilfried, kwa sababu alikuwa ameifunga kwa mikono yake mwenyewe. Alibonyeza pasipo pake mara mbili. Alipofanikiwa alipiga. Sauti ya mwanamke ikamwambia kwa Kifaransa kwamba mtu huyo hapatikani. Akapiga tena. Akapiga mara sita. Asubuhi hiyo Fizi haikuwa na réseau, mtandao, ya kupiga. Ilikuwa ya kudokoa tu, ujumbe unapita, sauti haipiti.

Lilibaki kundi.

Na ndani ya kundi hilo, msomaji wangu, Anastasie hakuwamo tena.

Wewe uliyekuwa nasi tangu mwanzo unajua ilivyokuwa. Uliyeingia leo nitakueleza upesi. Jamaa yao wana kundi la WhatsApp linaloitwa Jamaa ya Mama Wabiwa. Wamo watu ishirini na watatu, wa Fizi, Baraka, Lusenda, Uvira na mbali zaidi. Wiki tatu zilizopita waliulizana Mama, mwenye miaka sabini na mitatu, ahamie wapi. Anastasie akasema aje kwake Baraka. Wilfried akaandika mbele ya wote kwamba Mama, mkristu wa kuzaliwa, hawezi kuzeekea katika nyumba ya Waislamu. Nyumba hiyo ni ya Assumani, mume wa Anastasie, mtu ambaye hajawahi kumfungia mkwe wake mlango.

Anastasie alijibu papo hapo. Aliandika: "We Wilfried unangoja Mama akufie Lubondja ili ubakie na nyumba yake. Usiniite tena dada." Kisha akabonyeza pa kutokea.

Hakuishia hapo. Alifunga namba ya kaka yake. Akaingia katika mipangilio ya simu, pale panapouliza ni nani anaruhusiwa kukuingiza katika makundi, akaweka alama ya kuwazuia watu wawili: Wilfried, na binamu yao Arlette, kwa kuwa hao wawili ndio admin. Alitaka hata wakijuta wasiweze kumrudisha.

Alikuwa amejenga ukuta mzuri sana. Sasa alikuwa upande wake usiofaa.

Aliligusa kundi. Mazungumzo ya zamani yalikuwapo yote mpaka ile siku. Sentensi yake ya mwisho ilikuwa pale, mbichi kama jana. Lakini pale chini, mahali pa kuandikia, palikuwa na maneno ya kijivu kwamba hawezi kutuma ujumbe kwa sababu si mmoja wao tena. Yaliyoandikwa baada ya kutoka kwake hakuyaona hata moja. Na kwa mkono wake mwenyewe hakuweza kuingia. Ni admin tu angemfungulia.

Alimwandikia Arlette, ambaye ni muuguzi Lusenda.

"Arlette, unirudishe mu groupe. Ni ya haraka."

Dakika nne zilipita. Suzanne alikuwa amelala pale pale sakafuni, mdomo wazi. Wifi yake Anastasie, dada wa Assumani aitwaye Siti, aliingia na kikombe cha uji kwa ajili ya mgeni, akauona uso wa wifi yake, akakiweka chini.

Arlette akajibu: amejaribu, simu imekataa. Inamwambia Anastasie hataki kuongezwa naye.

Anastasie aliona haya hata akiwa peke yake na simu. Alianza kurudi katika mipangilio, lakini Arlette hakungoja. Alituma mwaliko wa faragha, kile kisanduku kidogo chenye jina la kundi, kinachokufa chenyewe baada ya siku tatu. Chini yake akaandika neno moja: "Ingia."

Anastasie alikuwa na kidole juu ya kile kisanduku. Hakubonyeza.

Kwa sababu ukiingia lazima useme kitu. Watu ishirini na wawili wangeona kwamba amejiunga kwa mwaliko. Wangengoja. Wote walisoma alichokiandika siku ile. Na wote, aliamini, walikuwa wamekijadili wiki tatu.

Alianza kuandika kwanza pembeni, katika mazungumzo yake na Siti, ili asitume kwa bahati mbaya. Aliandika upesi upesi kama mtu anayeshona tundu kabla mteja hajaliona. Alieleza kwa nini alitoka. Alieleza jinsi Assumani alivyosoma ule ujumbe wa Wilfried akanyamaza siku nzima. Alikumbusha ni nani aliyempeleka Mama hospitali mwaka juzi. Aliomba msamaha "kama kuna mutu niliumiza," kisha akaweka "lakini," na baada ya lakini mistari kumi na miwili.

Siti alisoma akiwa amesimama, kichwa kimeinama.

Siti si mtu wa maneno mengi. Anachaji simu za watu na kuuza mégas, vifurushi vya intaneti, kwenye kibanda karibu na soko, na kutwa nzima husoma nyuso za watu wanaongoja ujumbe ufike. Ile nyumba ya Waislamu iliyotukanwa ni nyumba ya baba yake. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kutaka ile mistari kumi na miwili ibaki, ni yeye.

"Hii yote ukate," alisema.

Anastasie alisema hawezi kuingia akijinyenyekeza kana kwamba yeye peke yake ndiye aliyekosea.

"Sikusema ujinyenyekeze. Yako, useme. Ya Wilfried, umuachie Wilfried. Ile ya nyumba yetu tutaiongea siku Mama iko hapa anakunywa chai." Siti aligusa kioo cha simu kwa ukucha. "Na angalia. Fizi réseau iko inadokoa. Maneno mingi haitapita. Muntu atafungua ataona ukurasa muzima, atasema nitasoma kisha. Mama yako iko na hiyo kisha?"

Anastasie alifuta. Alifuta mpaka pakabaki peupe.

Akaandika tena, mistari mitano. Siti akakata "kama kuna mutu niliumiza," akasema si kama, unamjua. Akakata "munajua namna mi huwa," akasema hiyo ni kujisifia. Akakata "naomba mujibu," akasema wenye kujibu watajibu. Kila neno lilipotoka Anastasie alihisi kama anavuliwa nguo. Alipomaliza alisoma kilichobaki, akaona ni kidogo mno kwa kosa kubwa namna ile, lakini hakikuwa na uongo ndani yake.

Akabonyeza mwaliko. Mstari mdogo ukatokea katikati ya kioo kwamba amejiunga. Kabla moyo haujageuka, akatuma:

"Familia, ni Anastasie. Yaya Wilfried, neno niliandika juu yako na nyumba ya Mama ilikuwa mubaya, naiondoa. Munisamehe kutoka vile. Mama haiko kwangu Baraka, na Suzanne anasema hakufika Fizi. Nani alimuona tangu siku ya yenga?"

Siku ya yenga, huko kwao, ni Jumapili, na yaya ni ndugu mkubwa.

Alama moja ya kijivu. Kisha mbili.

Kisha hakuna kitu.

Anastasie alibonyeza ujumbe wake na kuushikilia, akafungua pale panapoonyesha ni nani amesoma. Arlette amesoma. Guy, mtoto wa baba yao mdogo aliye Uvira, amesoma. Majina yaliongezeka moja moja: saba, tisa, kumi na moja. Ilipofika saa nne na dakika kumi na mbili, jina la Wilfried likaingia katika orodha.

Amesoma. Hakujibu.

Juu ya kioo palitokea kwamba Wilfried anaandika. Pakafutika. Pakatokea tena. Pakafutika.

Anastasie alimwambia Siti, kwa sauti ya chini, kwamba sasa atamwaga yote, na itabidi avumilie.

Wilfried akaandika maneno mawili.

"Haiko kwako?"

Anastasie hakuelewa. Akajibu kwamba hayuko, kwamba hajamwona tangu mwezi uliopita, kwamba alifikiri yuko Fizi kwa Wilfried.

Ndipo kundi lilipolipuka. Mtu mmoja aliweka alama za mikono kichwani. Mwingine aliuliza mara tatu mfululizo, vipi tena, vipi tena, vipi tena. Mashangazi wakaanza kutuma sauti ambazo hazikufunguka. Katikati ya vurugu hiyo simu ya Anastasie ilitetemeka pembeni: Arlette alikuwa amempigia picha kioo chake na kumtumia faraghani yale yote aliyoyakosa.

Alisoma mstari kwa mstari.

Jumapili jioni Wilfried alikuwa ameandika kundini kwamba amepigiwa na mtu wa Lubondja: Mama ametoka na majirani, anasema anaenda kwa binti yake Baraka. Akaandika tena kwamba amempigia Anastasie mara nyingi, simu haiingii, nani wa Baraka amwulize. Ni Anastasie mwenyewe aliyekuwa amemfungia. Na Jumatatu asubuhi Guy, kutoka Uvira, akajibu kwa uhakika wote: "Tulieni. Kuna mutu alimuona Mama anashuka pale parking ya Baraka. Iko kwa Anastasie. Huyu anakasirika tu, ndiyo maana hasemi."

Chini yake watu kumi na wanne waliweka mikono ya kuomba na asante Mungu.

Wakaacha kutafuta. Siku nzima. Fizi walijua Mama yuko Baraka. Kule Baraka Anastasie alijua Mama yuko Fizi. Na kati ya Fizi na Lubondja, mama wa watu wote hawa alikuwa amekaa juu ya jiwe na goti lake.

Anastasie hakulia. Alikosa hata nafasi ya kulia, kwa sababu kwenye kundi Guy alikuwa ameamka.

"Kumbe umerudi," aliandika Guy. "Uliondoka na kiburi, leo uko na shida ndiyo unakumbuka familia?"



Damu ilimpanda Anastasie kichwani. Picha ya maneno ya Guy mwenyewe, ile habari ya parking, ilikuwa mkononi mwake. Angeiweka pale mbele ya wote kwa kidole kimoja. Mtu aliyeona Mama ni nani, Guy? Mutaje jina. Alikwisha kuandika nusu. Siti alikuwa amesimama nyuma yake na safari hii hakusema neno. Suzanne pale sakafuni aligeuka usingizini, akaguna, akamtaja Mama Wabiwa kwa jina.

Anastasie alifuta. Akaandika:

"Ndiyo, Guy. Niko na shida."

Akatuma. Akaongeza mstari mwingine:

"Suzanne anasema mara ya mwisho Mama alikaa kwa jiwe, mbele ya kufika mto, siku ya yenga mchana. Alivaa kitenge ya kijani na pull nyeusi ya sufu. Nani alipita ile njia?"

Ubishi ulihitaji watu wawili na mmoja alikuwa amekataa. Baada ya dakika Wilfried aliandika, na hakuandika kama kaka, aliandika kama directeur, mwalimu mkuu wa shule, alivyo: "Guy, tosha. Mwenye kujua njia aseme. Wengine munyamaze."

Guy alifuta ujumbe wake. Palibaki ule mstari unaosema ujumbe umefutwa.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Kuna mtu katika kundi hilo ambaye haongei. Anaitwa Dieumerci, mwana wa shangazi yao, ana miaka thelathini na mitano na anaendesha moto, taxi ya pikipiki, pale Fizi. Kazi yake ni kuweka kidole gumba juu ya matangazo ya wengine. Siku hiyo aliandika, na aliandika vibaya, herufi zimepandana, mpaka Arlette akamwambia atulie.

Jumatatu mchana, alisema, alikuwa anarudi Fizi na abiria nyuma. Aliposhuka mlima wa pili katika njia ya Lubondja akapita shule moja ya msingi iliyo kando ya njia. Kwenye ukuta walikuwa wamekaa bibi wanne au watano. Mmoja alimwita kwa jina. Dieumerci. Alimsikia vizuri. Alitazama nyuma, akaona kitenge cha kijani. Lakini abiria alikuwa anamsukuma mgongoni, twende, twende, na yeye mwenyewe asubuhi ile ile alikuwa amesoma kundini kwamba Mama ameshuka Baraka.

"Nilijisemea siye," aliandika. "Groupe ilisema iko Baraka. Nilikatala macho yangu."



Anastasie alikuwa wa kwanza kumjibu. Alijua vizuri uzito wa mtu aliyebaki peke yake na alichokifanya mbele ya watu ishirini na wawili. Aliandika: "Asante, Dieumerci. Sasa tunajua alikuwa muzima jana." Na maneno hayo machache yakamrudisha Dieumerci, kwa kuwa mara moja akasema moto ina essence, mafuta yapo, anaweza kutoka sasa hivi.

Wilfried akasema anakwenda naye.

Watu wakaanza kupinga. Arlette akasema kituo chao cha afya kimepata habari kwamba kule juu bado si salama. Shangazi mmoja akaanza kuomba kwa maandishi. Wilfried aliwaacha waseme. Kisha kwenye kioo cha Anastasie kikatokea kitu ambacho alikisoma mara mbili kabla ya kukiamini: Wilfried amemfanya kuwa admin.

Hakikufuatiwa na hotuba. Aliandika tu:

"Anastasie, kaa hapo kwenye réseau. Kila habari ipite kwako. Mi naingia njia."

Na baada ya sekunde chache, kana kwamba alikuwa ameshapiga hatua mbili akarudi:

"Yangu pia ilikuwa mubaya. Umwambie Assumani."

Siti, aliyekuwa anasoma juu ya bega la wifi yake, alitoka nje. Aliporudi uso wake ulikuwa umeoshwa, na mkononi alikuwa na betri ya kuchajia kutoka kibandani. Aliichomeka kwenye simu ya Anastasie.

Ilikuwa saa tano kasoro.

Kama ulidhani mtu anayengoja hafanyi kazi, ungemwona Anastasie siku hiyo. Alibadilisha mpangilio wa kundi ili kwa muda huo wenye kuandika wawe admin tu, akatangaza sababu kwa mstari mmoja: Fizi wasizamishwe na maombi, kila mwenye habari ampelekee yeye faraghani. Aliogopa watamwita mtawala. Hakuna aliyenuna. Habari zikaanza kumfikia moja moja. Alizipima, aliuliza kila mmoja swali lile lile, umeona mwenyewe au umesikia, na kama mtu amesikia tu, hakuipeleka mbele. Alikuwa amejifunza asubuhi hiyo bei ya "kuna mutu alimuona".

Saa tano na nusu Wilfried aliandika kwamba wamepita kizuizi cha kwanza.

Saa sita kasoro robo, kwamba wameuona mlima wa pili. Akasema réseau inakatika.

Halafu kimya.

Saa sita. Saa sita na robo. Uji wa Suzanne ulikuwa umeganda. Suzanne mwenyewe alikuwa ameamka, amejiegemeza ukutani, haulizi, anaangalia tu mkono wenye simu. Anastasie alipitia orodha ya majina, akaona kila mtu yupo, kila mtu anatazama. Hata Guy. Guy ndiye aliyemwandikia faraghani, mara moja tu, kwamba amempata yule mtu wa parking, amemhoji, na mtu huyo anasema aliona mzee mwingine, si Mama. "Nilikosa," aliandika. Anastasie alimwekea alama ya moyo, akaendelea. Hapakuwa na nafasi ya zaidi.

Saa sita na dakika ishirini na tano simu iliita.

Haikuwa WhatsApp. Ilikuwa simu ya kawaida, namba asiyoijua; réseau ya Fizi ilikuwa imeanza kupitisha sauti. Alipokea kabla ya mlio wa pili.

Kwanza ulisikika upepo. Kisha mtu akamwambia mwingine kwa haraka, sema bibi, sema, itakatika. Kisha pumzi. Anastasie aliijua pumzi ile kabla ya neno lolote.

"Anastasie."

Alikaa pale chini, karibu na Suzanne.

"Mama. Uko wapi, Mama?"

Sauti ilikuwa imechoka, lakini ilikuwa yake, yenye ukali kidogo wa mtu aliyecheleweshewa chakula. Ilisema kwamba asubuhi na mapema vijana wa kanisa waliwabeba wale bibi kutoka pale shuleni kwa migongo yao. Hawakufuata barabara, walipita njia ndogo ya msituni. Wamefika Fizi sasa hivi. Goti limevimba kama chungu lakini yuko hai, ametembea hatua za mwisho mwenyewe.

"Niko hapa kwa mlango ya Wilfried," alisema Mama Wabiwa. "Imefungwa. Bajirani banasema alitoka na moto. Wilfried iko wapi?"

Anastasie alifumba macho.

"Anakufuata, Mama. Ameenda pale kwenye shule."



"Hapana," alisema Mama, polepole. "Kule hapana, mwanangu. Sisi batu ya mwisho kutoka. Tulipokuwa tunaingia mu msitu, bale ba bunduki balikuwa banaingia mu masomo, mu ile shule. Umwambie arudie Fizi. Umwambie sasa."

Simu ikakatika.

Anastasie alikuwa tayari ameandika. Hakufikiri maneno, yalikuja mafupi yenyewe: "MAMA IKO FIZI, MUZIMA. YAYA, DIEUMERCI, MUSIFIKE KWENYE SHULE. MURUDIE." Alituma kundini. Akamtumia Wilfried peke yake. Akamtumia Dieumerci peke yake.

Akaubonyeza ule wa kundini, akaushikilia, akafungua orodha.

Arlette amesoma. Guy amesoma. Majina yakashuka moja baada ya jingine, kumi, kumi na tano, ishirini, watu wote wa Mama Wabiwa waliotawanyika duniani wakijua kwa pamoja kwamba mama yao amepatikana. Hakuna aliyethubutu kufurahi.

Anastasie alihesabu majina, akaanza upya, akahesabu tena.

Yalikosekana mawili.